Mikro ya kubana au mikro kanoni: kutafuta chanzo cha sauti mbovu kwenye mahojiano ya barabarani Goma

Umetoka kurekodi pale rond-point Signers, umekaa nyumbani, unafungua video. Picha safi. Lakini honi za motari zinasikika kuliko mtu uliyemhoji, na yeye sauti yake ni kama anaongea kutoka chumba cha pili. Wengi wakifika hapo hukimbilia dukani kuuliza bei ya mikro nyingine. Aliye na ya kubana, ile ndogo inayobanwa kwenye nguo, anataka kanoni, ile ndefu kama fimbo; aliye na kanoni anasikia kwamba ya kubana ndiyo dawa. Mara nyingi wote wawili wanabadilisha kitu kisicho na kosa. Kabla ya kutoa pesa, fuata dalili.

Sauti ya mtu iko mbali, kana kwamba mikro haikuwepo

Anza na hili maana ni la dakika moja, na linawapata sana wanaorekodi kwa simu. Inawezekana mikro yako haikurekodi chochote, na ulichosikia ni kile kitundu kidogo cha simu yenyewe.

Kwa kupima, washa kurekodi, kwaruza taratibu kwa ukucha juu ya sponji ya mikro yako, kisha kwaruza chini ya simu. Sikiliza ulichopata. Kama mkwaruzo mkubwa ni ule wa kwenye simu, basi mikro haijatambuliwa. Tazama pini yake. Pini yenye mistari miwili myeusi imetengenezwa kwa ajili ya kamera. Simu yenye tundu la hedifoni inataka pini yenye mistari mitatu. Mikro nyingi za kamera huja na waya wa pili wa kazi hiyo, na huo waya ndio unaobaki kwenye boksi. Kwa simu isiyo na tundu hilo, kipachiko cha bei ndogo kinaweza kupitisha muziki kwenda hedifoni bila kupitisha sauti ya mikro kuja ndani. Jaribu mkwaruzo palepale kwa muuzaji, si nyumbani.

Kama mikro ni kanoni inayotumia betri au umeme wa volti 48 kutoka kwenye kamera, na husikii kitu kabisa, angalia betri na kitufe cha volti kwanza.

Mikro inafanya kazi, lakini barabara inamfunika mtu

Hapa ndipo penye kiini cha uchaguzi wote, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Watu hudhani kanoni inavuta sauti ya mbali kama vile lenzi inavyovuta picha. Haivuti. Inachofanya ni kupunguza sauti za pembeni, basi. Sauti ya mdomo ikifika hafifu kwenye mikro itabaki hafifu, hata kama kanoni imeelekezwa sawasawa. Na sauti hudhoofika haraka: kila ukizidisha umbali mara mbili, unapoteza desibeli 6. Mikro iliyo juu ya kamera, mita moja na nusu kutoka kwa mtu, inapata sauti yake ikiwa imepungua kwa zaidi ya desibeli 15 ukilinganisha na mikro iliyo sentimita 25 kutoka mdomoni. Kelele za barabara zenyewe hazipungui, kwa sababu zimekuzunguka pande zote.

Tuweke namba. Mtu anayeongea kwa sauti ya kuinua kidogo, kama tunavyoongea wote kando ya barabara, anatoa takriban desibeli 66 ukipima mita moja mbele yake. Tuseme barabara yenye motari wengi ni desibeli 75. Kanoni nzuri, kelele zikija kutoka pande zote, inazipunguza kwa desibeli 6 hivi, kwa hiyo kwake barabara ni kama 69.

Sasa weka kanoni juu ya kamera, mita moja na nusu. Sauti ya mtu inafika kwa desibeli 62 na ushee, barabara ni 69. Barabara imeshinda. Toa kanoni, mbanie mtu mikro kifuani, sentimita 25 kutoka mdomoni. Mikro hiyo ndogo husikia pande zote, haipunguzi kitu, kwa hiyo barabara inabaki 75. Lakini sauti ya mtu inafika kwa 78. Mtu ameshinda, ingawa kwa kidogo. Sasa chukua ileile kanoni, ishike mkononi, ilete sentimita 30 kutoka mdomoni: mtu yuko karibu na 77, barabara 69. Ushindi mkubwa kuliko wote.

Irudishe nyuma mpaka nusu mita, na mtu anashuka mpaka 72 dhidi ya 69, yaani tofauti ileile ya desibeli 3 uliyoipata kwa mikro ya kubana. Hapo zimelingana. Kutokana na hesabu hii unapata kipimo cha kutembea nacho bila kifaa chochote: dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, ambayo ni karibu nusu mita. Kama unaweza kuiweka kanoni ndani ya dhiraa moja kutoka mdomoni na ikabaki hapo muda wote wa maongezi, tumia kanoni. Kama huwezi, kwa sababu huna mtu wa kushika fimbo, au mtu anatembea, au unataka picha pana, tumia ya kubana.

Kwa hiyo swali la kwanza unalojiuliza ukifika mahali si kelele ni kiasi gani. Ni kama mkono wako, au wa mwenzako, utaweza kufika karibu na mdomo wa mtu.

Maswali ya haraka kwa wapita njia yanaangukia kwa kanoni karibu kila mara. Mtu anayekupa sekunde arobaini huku jicho liko kwenye moto iliyomsubiri hatakubali umfungulie kola. Ukiwa na mikro ya kubana isiyo na waya tu, usimbanie. Shika kitumaji chenyewe, kile kiboksi kinachorusha sauti, pamoja na mikro yake mkononi, kiwe na manyoya yake ya kuzuia upepo, ukilete chini ya kidevu cha kila mmoja kama mtangazaji wa redio. Si pazuri sana kwenye picha, lakini sauti inakuwa safi.

Kanoni iko karibu, na bado motari wanaingia

Ukiwa ndani ya dhiraa na bado unasikia barabara, chunguza mambo mawili.

La kwanza ni mahali kanoni inapotazama. Ukiishika usawa wa mdomo, ukaielekeza mbele, haioni mdomo peke yake. Inaona pia kila kilicho nyuma ya mtu kwenye mstari uleule. Kama nyuma yake ni barabara, umeielekeza barabarani. Kanoni haijui kutenganisha. Ishushe toka juu ikitazama mdomo na chini yake ardhi, au ipandishe toka chini ikitazama mdomo na juu yake anga. Anga halina motari. Kwa anayerekodi peke yake, kutoka chini ni rahisi zaidi, mkono hauchoki na picha ya kifua kwenda juu haioni mikro.

Na hapa mikro hizi mbili zinataka mtu asimame tofauti. Kwa kanoni, unataka barabara iwe nyuma ya mikro, kwa hiyo mtu atazame barabara na wewe uipe mgongo. Kwa ya kubana kifuani, ni kinyume: mtu aipe barabara mgongo, mwili wake uwe ukuta mdogo kati ya kelele na mikro. Ukuta huo unazuia zaidi sauti nyembamba, kama honi na filimbi, kuliko ngurumo, lakini honi ndizo zinazokata maneno. Anayebadilisha mikro bila kumgeuza mtu huishia kusema mikro zote mbili ni sawa tu.

Usimsimamishe mtu akiwa karibu na ukuta mgumu, hasa zile kuta zetu za mawe ya volkano au geti la bati. Sauti ya barabara inagonga hapo na kurudi moja kwa moja mbele ya kanoni. Hatua tatu kutoka ukutani zinasaidia sana.

La pili ni ngurumo nzito: jenereta, lori la Fuso, moto iliyosimama bila kuzimwa. Bomba la kanoni linafanya kazi yake kwenye sauti nyembamba. Kanoni fupi ya sentimita 20 au zaidi kidogo haina nguvu ya bomba chini ya hezi 1500 hivi. Chini ya hapo ni mikro ya kawaida yenye kuelekea mbele. Kwa hiyo jenereta iliyo pembeni itaingia, na kanoni ya bei kubwa zaidi ya urefu uleule haitaizuia. Washa kitufe cha kukata sauti nzito, kwa kawaida kimeandikwa hezi 75, 80 au 150. Sauti ya mtu haipotezi mengi kwenye 80. Kwenye 150 mwanamume mwenye sauti nzito ataanza kusikika mwembamba, kwa hiyo tumia hiyo pale tu jenereta inapokushinda, na kwanza jaribu kumwomba mwenye jenereta dakika tano. Wengi wanakubali.

Mapigo mazito, bu-bu-bu, hata pasipo gari

Huo ni upepo. Mchana unatoka ziwani kuja nchi kavu, na Himbi, Kituku au kando yoyote ya Kivu utakupata. Ishara yake: mapigo hayana mpangilio, na ukitazama mshale wa sauti unaruka mpaka mwisho wakati mtu amenyamaza.

Kanoni inaumia na upepo zaidi ya ile ndogo ya kubana. Mikro yoyote inayochagua upande hufanya hivyo kwa kulinganisha shinikizo la hewa mbele na nyuma, na upepo unavuruga kitu hichohicho. Sponji nyeusi inayokuja nayo ni ya ndani ya nyumba na ya pumzi ya msemaji. Nje unahitaji manyoya marefu juu yake. Kwa ya kubana, yale manyoya madogo ya duara yanatosha upepo wa kawaida. Yakipotea, na hupotea, ingiza mikro chini ya upindo wa nguo na ukubali kupoteza kidogo ukali wa sauti.

Upepo ukishagonga mwisho wa mshale, hakuna programu itakayorudisha neno lililokuwa chini yake. Kukata sauti nzito husaidia tu kama mshale haukufika mwisho. Ndiyo maana mahali penye upepo na pasipo manyoya, chagua ya kubana hata kama dhiraa inaruhusu kanoni.

Kwenye ya kubana: michakaricho, sauti kuzimika, sauti kukatika

Michakaricho inatoka kwenye nguo inayosugua kichwa cha mikro au waya wake. Kitenge kipya ambacho bado kina wanga ni kibaya kuliko vyote. Shati la pamba lililofuliwa mara nyingi ni zuri. Bana kwenye ukingo mgumu, kola au pindo la vifungo, mikro ikae nje ya nguo, shibiri moja chini ya kidevu. Uache waya kitanzi kidogo kilichobanwa na kibanio chenyewe, ili ukivutwa chini mtikiso usifike juu. Mkufu, rozari na kitambulisho cha shingoni vinagonga. Mwombe mwenyewe avigeuze mgongoni.

Sauti inayozimika na kurudi maana yake mtu anageuza kichwa. Kama anamtazama mwenzako anayeuliza, bana upande wa bega lililo karibu na mwenzako, si katikati.

Sauti inayokatika vipande ni ya mikro isiyo na waya. Nyingi za bei ya kati hutumia mawimbi yaleyale ya Wi-Fi, na mwili wa mtu unayameza. Kitumaji kikiwa mfuko wa nyuma na kamera mbele, mwili wote uko katikati; kundi la watazamaji likijaa mbele ya kamera, ni miili kumi. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanja mtupu. Weka kitumaji mbele, na kipokezi kikione.

Kelele inapanda kila mtu anapopumua

Mtu akinyamaza, barabara inavimba. Akianza kuongea, inarudi chini. Hilo halitokani na aina ya mikro. Kamera au simu imewekwa kwenye kiwango otomatiki, na ukimya unauona kama sauti hafifu inayotakiwa kuongezwa. Zima otomatiki. Weka kwa mkono ili maneno ya kawaida yafike karibu na -12 dB, na kicheko au kupaza sauti visivuke -6. Kama kifaa chako kinaweza kurekodi nakala ya pili iliyo chini zaidi, washa. Goma mtu hupaza sauti ghafla akimwona anayemfahamu.

Mfano: mama wa sambaza, Kituku

Unataka dakika kumi na mama anayeuza sambaza kando ya ziwa. Kuna injini za maboti, wapagazi wanaoitana, chukudu zinazogongagonga juu ya mawe, na upepo. Anauza huku anaongea, anainama kupima, anageuka kupokea pesa. Mdomo wake hautakaa ndani ya dhiraa ya mtu yeyote, na kanoni ikimfuata itaenda kugonga beseni. Basi ya kubana.

Unamsalimia, unaeleza, halafu: «Mama, kuna kamikro kadogo ka kuweka kwenye nguo. Ukipenda, ukabane mwenyewe, mi nakuonyesha mahali.» Hii si adabu tu. Akibana mwenyewe anachagua mahali ambapo mkono wake haupiti.

Shida ya kwanza unaiona palepale: ana mtoto mgongoni, na kitenge cha kumbeba kimefungwa kifuani mahali hasa ambapo mikro ingekaa. Ukiibana kwenye fundo hilo, kila mtoto akijisogeza utasikia nguo ikikwaruza. Panda juu yake, kwenye ukingo wa shingo ya blauzi, upande ambao kichwa cha mtoto hakilali. Kitumaji hakiwezi kwenda nyuma, kwa hiyo kinakaa mbele, kiunoni, na hilo linakufaa kwa mawimbi. Manyoya yawekwe.

Usimwombe ahesabu moja mbili tatu. Mwombe aite wateja kama anavyoita siku zote, na weka kiwango kwa hiyo sauti, kisha umsikilize kwa hedifoni akiongea kawaida. Hapo unagundua shida ya pili: wateja hawasikiki vizuri. Wako mita moja kutoka kifuani kwake na injini zinawafunika. Hii ndiyo kazi ya kanoni, mwenzako akiishika chini ya beseni ikitazama juu kwa mteja, kwenye njia yake yenyewe ya kurekodi.

Ukifika nyumbani, usizichanganye zote mbili kwa pamoja muda wote. Sauti ya mama inafika kwenye kanoni ikiwa imechelewa kidogo, kama milisekunde 3 kwa kila mita, na zikijumlishwa sauti yake itasikika yenye tundu, kama anaongelea ndani ya bomba. Mama akiongea, acha ya kubana na uzime kanoni. Mteja akiongea, kinyume chake. Mpito kati ya hizo mbili utasikika, kwa sababu kelele za nyuma hazifanani. Ndiyo maana kabla hujaondoka Kituku, mwombe kila mtu upande wako anyamaze, ukae nusu dakika unarekodi ziwa, maboti na watu wengine, kisha uitandaze chini ya maongezi yote.